Sifa Nne, Kasoro Nne

Katikati ya mwaka 2023 wanasayansi kadhaa wa Australia walifungua ripoti walizokuwa wakizisubiri kwa miezi. Walikuwa wameomba fedha za utafiti kwenye Baraza la Utafiti la nchi yao, katika mpango ambao kwa kawaida huwapa fedha waombaji wasiozidi mmoja kati ya watano. Utaratibu wa baraza hilo ni wa kistaarabu: wahakiki wakishasoma andiko, mwombaji huletewa maoni yao bila majina, naye hupewa nafasi fupi ya kujibu kabla kamati haijaamua. Basi wakasoma. Ripoti zilikuwa na adabu, zilikuwa na mpangilio, na zilieleza upya kila kitu ambacho mwombaji mwenyewe alikwisha kukieleza. Katika mojawapo, mwishoni kabisa, kulikuwa na maneno mawili yasiyohusiana na chochote kilichotangulia:

```
Regenerate response
```

Ni maandishi ya kitufe. Wakati ule kitufe hicho kilikaa chini ya kila jibu la ChatGPT, kikimwalika mtumiaji kuomba jibu lingine kama la kwanza halikumridhisha. Mhakiki alikuwa amebandika andiko la mwenzake kwenye programu, akanakili kilichotoka kuanzia juu hadi chini, akakituma kwenye baraza bila hata kukisoma mara moja. Akaunti moja ya mtandaoni isiyotaja jina la mwenyewe, ARC Tracker, ambayo hufuatilia mambo ya baraza hilo, iliitangaza habari hiyo, magazeti yakaidaka, na Julai mwaka huohuo baraza likatoa sera: mhakiki haruhusiwi kuingiza andiko la mtu kwenye programu za akili mnemba. Mwezi mmoja kabla, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilikuwa zimetoa katazo kama hilo kwa wahakiki wao, hoja yao kubwa ikiwa siri: ukishabandika wazo la mtu ambalo halijachapishwa, hujui tena limehifadhiwa wapi.

Kitufe kile kilikuwa bahati. Ni kama mwizi aliyeacha kitambulisho chake mezani. Kinachonishughulisha mimi ni zile ripoti nyingine, ambazo hazikuwa na kitufe chochote, lakini waliozisoma walijua tangu aya ya pili kwamba hakuna mtu aliyekaa na andiko lao. Walijuaje?

Nimetunga mfano ili tusimsumbue mtu yeyote aliye hai. Tuseme kikundi cha watafiti kinaomba fedha za kupima mifuko isiyopitisha hewa kwa ajili ya kuhifadhi mahindi, ile ya tabaka tatu: mbili za ndani za plastiki laini na moja ya nje ya kiroba cha kawaida. Mfuko huo hauna dawa. Ukishafungwa vizuri, wadudu walio ndani, fukusi na yule dumuzi ambaye wakulima wengi wa Tanzania walimbatiza jina la Skania, hupumua hewa iliyobaki mpaka oksijeni inashuka sana. Wanaacha kula, wanaacha kuzaana, halafu wanakufa. Kazi yote inategemea mfuko kubaki umefungwa na mahindi kuwa yamekauka vya kutosha, unyevu usizidi asilimia 13 au hapo karibu.

Watafiti wetu wa kutunga wanapanga hivi. Watachukua vijiji 4, kila kijiji kaya 30, jumla kaya 120. Vijiji 2 vitapewa mifuko mipya. Vijiji 2 vitaendelea na viroba na dawa ya unga kama kawaida. Kwa miezi 8, kila mwezi, mtafiti atapita kila kaya, atafungua mfuko, atachota kilo moja, atahesabu punje zilizotobolewa, kisha ataufunga tena. Mwishoni watalinganisha vijiji viwili vya kwanza na viwili vya pili. Ukurasa wa sita wa andiko unaeleza jinsi kaya zitakavyochaguliwa kwa kura kutoka kwenye daftari la mtendaji wa kijiji. Ukurasa wa tisa una aya nzima kuhusu kibali cha maadili.

Sasa inakuja ripoti ya mhakiki:

Andiko hili linashughulikia tatizo muhimu na la wakati wake, yaani upotevu wa mahindi baada ya mavuno. Malengo yameelezwa kwa uwazi wa kupongezwa. Mbinu ya kulinganisha kaya 120 katika vijiji 4 ni thabiti, na ufuatiliaji wa kila mwezi unaonyesha umakini wa hali ya juu. Ushirikishwaji wa wakulima wenyewe ni nguvu nyingine ya kutajwa. Hata hivyo, waombaji wangeweza kufafanua zaidi jinsi washiriki watakavyochaguliwa. Uchambuzi wa takwimu ungenufaika na maelezo ya kina. Itafaa pia kujadili kama matokeo yanaweza kutumika katika maeneo mengine. Masuala ya kimaadili nayo yangestahili kuzingatiwa kwa upana. Kwa ujumla, ni andiko lenye matumaini ambalo, likifanyiwa marekebisho, linaweza kutoa mchango mkubwa.

Ihesabu: sifa nne, kasoro nne, na katikati yake hilo “hata hivyo” limekaa kama kigingi cha mizani. Ukiisoma haraka, utasema ni ripoti ya mtu mwenye haki. Isome polepole.

Anza na sifa. Hakuna hata moja iliyo na habari ambayo haikuwemo kwenye muhtasari wa waombaji. Waombaji walisema tatizo ni kubwa. Ripoti inasema tatizo ni muhimu. Walisema watawashirikisha wakulima. Ripoti inawasifu kwa kuwashirikisha wakulima. Sifa hizi ni muhtasari uliogeuzwa nafsi, kutoka “tutafanya” hadi “wanafanya vizuri”. Mhakiki aliyesoma kweli, hata akiwa na haraka, huacha alama ya kusoma kwake: atataja jedwali fulani, atashangaa kitu, atasema wazo hili liliwahi kujaribiwa mahali fulani likashindikana kwa sababu fulani.

Halafu kasoro. Zote nne zinadai nyongeza. Fafanua zaidi, toa maelezo ya kina, jadili, zingatia kwa upana. Hakuna inayosema kwamba kitu fulani kilichoandikwa si sahihi. Na mbili kati yake zinaomba kitu ambacho tayari kipo, ukurasa wa sita na wa tisa. Nikitaka kujua kama ukosoaji una mzizi, huwa naung'oa nikaupande kwenye andiko lingine. “Uchambuzi wa takwimu ungenufaika na maelezo ya kina”: hamishia sentensi hiyo kwenye andiko la ugonjwa wa malaria, au la lahaja za Kiswahili, au la mawimbi ya bahari. Inaota popote. Mmea unaoota popote ni magugu.

Lakini ubaya mkubwa uko kwenye sifa, na hili ndilo huwapita watu wengi. Ripoti imesifu vitu viwili vya mbinu: ulinganisho wa vijiji 4, na ufuatiliaji wa kila mwezi. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyoliua andiko.

Ufuatiliaji wa kila mwezi maana yake ni kuufungua mfuko mara 8. Mfuko ambao nguvu yake yote ni kutofunguliwa. Kila ukifunguliwa, hewa mpya inaingia, na dumuzi aliyekuwa akikata roho anapata pumzi ya kuanzia upya. Watafiti watakuwa wanapima mfuko unaofunguliwa-funguliwa, kisha wataandika hitimisho kuhusu mfuko uliofungwa. Juu ya hayo, kilo moja kila mwezi kwa miezi 8 ni kilo 8, na kama mfuko una kilo 100, watafiti wenyewe watakuwa wamekula sehemu ya kutosha ya hayo mahindi wanayotaka kujua yamepotelea wapi. Mtu aliyewahi kuhifadhi mahindi, awe na shahada au asiwe nayo, angeshtuka hapo.

Vijiji 4 navyo ni tatizo la aina nyingine, la hesabu. Kaya 120 zinasikika nyingi. Ila kaya 30 za kijiji kimoja zinanyeshewa mvua ileile, zinavuna wiki ileile, zinaanika mahindi kwenye jua lilelile na huenda zinanunua dawa kwenye duka lilelile. Kama kijiji kimoja kati ya vile vilivyopewa mifuko kilivuna mahindi yakiwa yamekauka zaidi, mifuko itaonekana imefanya muujiza ambao uliletwa na jua. Kwa swali hili, mtafiti hana vipimo 120 vinavyojitegemea. Ana viwili upande huu na viwili upande ule. Hakuna “maelezo ya kina ya takwimu” yatakayomwokoa, kwa sababu kosa limo kwenye mpango wenyewe.

Mhakiki anayejua kazi angeandika mistari michache, pengine bila adabu nyingi. Gawanyeni mifuko ndani ya kila kijiji, kaya 15 kwa kura zipate na 15 zisipate, ili mvua na jua viwe vilevile pande zote mbili. Msiufungue mfuko mmoja mara 8. Kila kaya inayopata ipewe mifuko mitatu midogo, mmoja ufunguliwe mwezi wa 3, mwingine wa 5, mwingine wa 8, na kila mmoja ufunguliwe mara moja tu. Bajeti ya mifuko itapanda. Punguzeni safari za gari, kwa kuwa sasa mtakwenda mara tatu badala ya nane. Ripoti hiyo haina “hata hivyo” hata moja. Wala haihitaji kusifu, maana aliyekupa suluhisho la namna hiyo amekwisha kukuheshimu.

Kwa nini mashine huandika ile ya kwanza? Sioni haja ya kuifanya kuwa fumbo. Modeli ya lugha imejifunza kutokana na maandishi, na ripoti za uhakiki ziko nyingi wazi mtandaoni. Kongamano la ICLR, kwa mfano, huziweka hadharani zote. Fomu zenyewe zina visanduku: muhtasari, nguvu, udhaifu, maswali. Ukiipa mashine andiko na kuiambia ihakiki, inaijua sura ya ripoti kama karani anavyoijua sura ya barua ya serikali, na itavijaza visanduku vyote kwa usawa, andiko liwe zuri au bovu. Kisha kuna malezi. Baada ya kujifunza kutokana na maandishi, modeli hizi hunyooshwa kwa kuangalia majibu ambayo watu waliyapenda, na watu hupenda jibu la heshima, lenye pande mbili, lisilomkwaza mtu. Kusema “mpango huu hauwezi kufanya kazi” ni kujihatarisha. Kusema “ungenufaika na ufafanuzi” hakumkosei mtu wala hakuwezi kukanushwa.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kiini. Kuona kwamba kitu hakikutajwa ni rahisi ukiwa na orodha kichwani: maadili, sampuli, uendelevu, jinsia, maeneo mengine. Unapitisha kidole. Kuona kwamba kitu kilichotajwa ni kosa kunataka uwe na ghala kichwani, na mfuko, na mkono unaoufungua. Sisemi mashine haiwezi kamwe. Ukiiuliza swali la moja kwa moja kuhusu kufungua mfuko, huenda ikajibu vizuri kabisa. Ila aliyetaka kumaliza ripoti kabla ya saa sita usiku hakuuliza swali hilo. Angekuwa na swali hilo asingeihitaji mashine.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu kupima tofauti hii. Walichukua maelfu ya makala, wakaiomba modeli ya GPT-4 itoe maoni, wakayalinganisha na ya wahakiki binadamu. Kwa kiasi cha hoja zilizofanana, mashine na binadamu walikutana karibu sawa na vile binadamu wawili wanavyokutana wao kwa wao, jambo linalosema mengi kuhusu binadamu pia. Lakini mashine ilizungumzia umuhimu na athari za utafiti mara 7 hivi zaidi ya binadamu, na ilizungumzia kama wazo ni jipya mara 10 hivi pungufu. Hapo sura yote ya jambo inaonekana. Umuhimu wa utafiti umeandikwa kwenye utafiti wenyewe, kazi ni kuunakili. Upya wa wazo huwezi kuujua kwa kusoma andiko moja. Lazima uwe umesoma mengine, na uyakumbuke.

Kundi hilohilo la Stanford mwaka 2024 lilichapisha kipimo kingine, safari hii cha maneno. Walizichambua ripoti za makongamano makubwa ya akili mnemba yaliyofanyika baada ya ChatGPT kutoka, wakakadiria kwamba kati ya asilimia 6.5 na 16.9 ya maandishi yake huenda yaliandikwa au kubadilishwa sana na mashine. Walikamata vivumishi. Kile cha Kiingereza chenye maana ya “kwa umakini wa kina” kilipanda kwenye ripoti za ICLR 2024 zaidi ya mara 30. Kile cha “kupongezwa” kikapanda karibu mara 10. Vivumishi vya sifa, angalia. Mashine ilijulikana kwa kusifu kabla ya kujulikana kwa kukosoa. Dalili hizo zilizidi kwenye ripoti zilizoletwa siku tatu za mwisho kabla ya tarehe ya kufunga, kwenye ripoti ambazo wahakiki wake walikiri wenyewe kutojiamini, na kwa wahakiki ambao hawakurudi kujibu pale waandishi walipojitetea. Zilizidi pia pale ambapo ripoti haikutaja kazi ya mtu mwingine yeyote. Hapo unamwona mhusika bila kuhitaji jina lake: amechelewa, si uwanja wake, na akishatuma haonekani tena.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa imesonga. Novemba 2025 kampuni ya Pangram Labs, inayouza programu ya kutambua maandishi ya mashine, ilizipitia ripoti zipatazo 75,800 za ICLR 2026 na kusema karibu asilimia 21 ziliandikwa na mashine mwanzo hadi mwisho. Muuza mitego ana sababu ya kuona panya wengi, kwa hiyo pokea tarakimu hiyo kwa tahadhari. Hata ukiikata nusu, si ndogo.

Nina sababu nyingine ya kuwa mgumu kwa programu za kutambua. Mwaka 2023, tena Stanford, insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, zilipitishwa kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani, zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa za mashine. Insha za watoto wa shule wa Kimarekani zilipita karibu zote. Programu zile ziliangalia jinsi maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno aliyo na uhakika nayo. Mhadhiri wa Morogoro au Eldoret anayehakiki makala kwa Kiingereza safi cha shule yuko kwenye mstari huohuo wa moto. Ndiyo maana naona heri kipimo cha kung'oa na kupanda kuliko kipimo cha vivumishi. Mhadhiri huyo anaweza kuandika “ya kupongezwa” mara tatu katika aya moja. Kama aya ya nne inasema msiufungue mfuko, amesoma.

Tena tusiitwike mashine mzigo wote. Kabla haijazaliwa, wapo wahakiki waliokuwa na ripoti moja iliyowekwa tayari kwenye kompyuta, wakibadilisha mada tu. Mwaka 2024 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Seville, Oviedo-García, alionyesha mtandao mzima wa ripoti za namna hiyo: sentensi zilezile, kwa makala zisizofanana hata kidogo, zikiambatana na ombi kwamba mwandishi ataje makala fulani fulani, ambazo zilikuwa za wahakiki wenyewe au za wenzao. Na hata nje ya ulaghai, nani kati yetu hajawahi kuandika “mada ni nzuri, lakini ifafanuliwe zaidi” pembeni mwa kazi ya mwanafunzi saa nne usiku? Mimi nimeandika. Nilikuwa nimesoma kurasa nane kati ya arobaini. Mashine imejifunza uvivu huo kutoka kwetu, ikautia lugha nzuri zaidi.

Upande wa pili wa meza nako kuna ruwaza hiyohiyo, imevaa nguo tofauti. Fungua andiko lolote la kuomba fedha kwenye sehemu ya mapitio ya maandishi. “Tafiti zilizotangulia zimetoa mchango mkubwa katika kuelewa suala hili. Hata hivyo, bado kuna pengo.” Sifa, kigingi, kisha ukosoaji usio na anwani. Pengo lipi? Nani alipima nini, wapi, akakosa nini? Kwenye mfano wetu wa mahindi, pengo la kweli lingekuwa na sura hii: mifuko imepimwa mara nyingi ikiwa imefungwa kwa muda wote, lakini mkulima anakula kutoka kwenye mfuko kila wiki, hivyo tunataka kujua inalinda kiasi gani ikifunguliwa. Tazama, kosa la kufungua mfuko limegeuka kuwa swali zuri, mradi tu mtafiti alijue na alitangaze. Pengo la mashine halimfikishi mtu hapo, kwa kuwa halikutokana na kusoma kazi ya mtu; limetokana na kujua kwamba mahali hapo huwa panaandikwa neno “pengo”.

Kwa upande huo NIH wameshaweka lango. Walisema wamekuta mtafiti mmoja aliyeleta maombi zaidi ya 40 katika mzunguko mmoja, na kuanzia tarehe 25 Septemba 2025 mtafiti mkuu hawezi kuleta zaidi ya 6 kwa mwaka, wala andiko lililotungwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba halihesabiwi kuwa lake. Sababu ni rahisi kuielewa: kila andiko linataka wasomaji, na wasomaji wakilemewa, nao watakwenda kuitafuta mashine.

Turudi kwa watafiti wetu wa mahindi, ambao wameletewa ile ripoti ya sifa nne na kasoro nne na wana siku chache za kujibu. Hasira ipo. Wakiandika kwamba mhakiki ametumia mashine, hawana ushahidi, kitufe hakipo, na kamati itasoma malalamiko. Wakijibu kwa adabu kila hoja, watapoteza nafasi yao yote wakieleza upya ukurasa wa sita na wa tisa. Na wasidhani ripoti hiyo haina madhara kwa kuwa ni laini. Pale ambapo maandiko thelathini yanagombea nafasi tano, alama hugawanyika kwa nusu nusu, na ripoti ya “lenye matumaini” huja na alama ya kati, na alama ya kati ni kukosa. Mwenyekiti wa kamati naye anapouliza mbona huyu kapewa 5 na si 6, hapati neno la kushika.

Njia waliyobaki nayo ni kuijibu ripoti kwa kurasa na mistari. Uchaguzi wa washiriki: ukurasa wa 6, aya ya pili. Maadili: ukurasa wa 9. Maneno hayo mawili yanamwambia mwenyekiti, bila kumtukana mtu, kwamba mhakiki hakufika huko. Kisha, katika nafasi iliyobaki, kama wana mwenzao mmoja mwenye macho aliyelisoma andiko lao jikoni kwake na kuwauliza kwa nini mnaufungua mfuko, wakiri wenyewe kosa ambalo ripoti ililisifu, na waeleze mifuko mitatu midogo, mwezi wa 3, wa 5 na wa 8.